Pembe Ngapi za Kukagua?

Seremala ana mbao 40 na saa 36 za kazi kwa wiki. Meza moja hula mbao 4 na saa 2. Kiti hula mbao 2, lakini kwa sababu ya viungo vyake vingi huchukua saa 3. Faida ya meza ni shilingi 30,000, ya kiti 20,000. Atengeneze meza ngapi na viti vingapi?

Aliyesoma hisabati ya kidato cha nne Tanzania au Kenya atakumbuka dawa yake: chora mistari ya masharti kwenye grafu, weka kivuli, kisha pima faida kwenye pembe za eneo linaloruhusiwa. Kwa nini pembeni tu? Chukua nukta yoyote iliyo katikati ya ukingo. Faida yake iko kati ya faida za ncha mbili za ukingo huo, kwa hiyo haiwezi kuzishinda zote mbili. Nukta ya ndani nayo huzidiwa, au angalau hufikiwa, na nukta fulani ya ukingoni.

Tatizo ni kwamba grafu ya karatasini inatosha bidhaa mbili tu. Seremala akiongeza kabati, kitanda na rafu, hakuna karatasi itakayobeba mchoro wake. Hapo pembe inabidi itafutwe kwa hesabu tupu.

Tuite idadi ya meza x na ya viti y. Mbao zitakazobaki tuziite s, na saa zitakazobaki t. Masharti yetu yanageuka milinganyo miwili:

4x + 2y + s = 40
2x + 3y + t = 36

Vigeu ni vinne, milinganyo ni miwili, na hakuna kigeu kinachoruhusiwa kuwa chini ya sifuri. Sasa angalia kila mstari wa grafu unasema nini. Ukiwa juu ya mstari wa mbao, s ni sifuri, maana mbao zimekwisha. Ukiwa juu ya mhimili wa viti, x ni sifuri. Pembe ni mahali mistari miwili inapokutana, yaani mahali vigeu viwili ni sifuri kwa pamoja. Viwili vilivyobaki hupatikana kwa kufumbua milinganyo. Jibu la namna hiyo huitwa jibu la msingi, na lisipokuwa na hasi popote, linakubalika.

Kuhesabu pembe zinazoweza kuwapo, basi, ni kuhesabu njia za kuchagua vigeu viwili vya kufanywa sifuri kati ya vinne: 4 × 3 ÷ 2, yaani 6. Tuzipitie. x na y zikiwa sifuri, seremala amekaa bure. y na s zikiwa sifuri, anapata meza 10 na faida ya 300,000. x na t zikiwa sifuri, viti 12 na 240,000. s na t zikiwa sifuri, meza 6 na viti 8, faida 340,000. Mbili zilizobaki zinakataliwa. Viti 20 vinadai saa 60, kwa hiyo t inakuwa hasi 24. Meza 18 zinadai mbao 72, na s inakuwa hasi 32. Mistari inakutana kweli pale, ila nje ya eneo. Kati ya sita, nne tu ni pembe halali.

Kwa hiyo sita ni kikomo cha juu tu, na wengi hupotea hapo. Tuseme rangi iliyopo inatosha vipande 14 tu, meza na viti kwa pamoja. Sasa vigeu ni vitano na milinganyo mitatu. Tunachagua sifuri mbili kati ya tano, na njia ni 10. Nne zinatoa hasi. Sita zinakubalika, lakini pembe bado ni nne zilezile! Mstari wa rangi unapita juu kabisa ya pembe ya meza 6 na viti 8, kwa hiyo pembe hiyo imehesabiwa mara tatu. Dalili yake ni rahisi kuiona: kigeu ambacho hukukifanya sifuri kinatoka sifuri chenyewe.

Idadi hii hupanda kwa kasi ya kutisha. Vigeu 20 na milinganyo 10 vina chaguo 184,756. Ukifika vigeu 40 na milinganyo 20, chaguo zinapita bilioni 137. Kompyuta inayokagua milioni moja kila sekunde ingefanya kazi zaidi ya saa 38.

George Dantzig, Mmarekani, alipata njia ya mkato mwaka 1947. Njia yake huanzia pembe moja halali na kuhamia ya jirani yenye faida zaidi, kwa kubadilisha sifuri moja tu kila hatua. Kwa seremala wetu wa mwanzo, asiye na sharti la rangi, inatoka kwenye kukaa bure, inakwenda kwenye meza 10, kisha meza 6 na viti 8. Hatua mbili, kazi imekwisha. Mwaka 1972 Victor Klee na George Minty walitunga mfano unaoilazimisha njia hiyo kupita kila pembe bila kuruka hata moja, lakini katika hesabu za kazi halisi jambo hilo ni nadra.