Karakana ya plastiki: faida hupimwa mlangoni

Anayetaka kufungua karakana ya kuosha na kusaga plastiki jijini Dar es Salaam huanza kwa kuuliza bei ya krasha, kisha huhofia bili ya umeme. Yote mawili ni ya kuangaliwa, lakini kinachoamua kama atapata au atapoteza ni kingine: katika kila kilo mia anazonunua, ni kilo ngapi zinazotoka zikiwa chenga safi, kavu, tayari kuuzwa.

Tuchukue mfano wa karakana ya madumu na ndoo. Bei ni za makadirio. Kila mtu aweke za sokoni kwake. Krasha yenye mota ya kilowati 15 tuiweke shilingi milioni 11, tangi la kuoshea pamoja na kisuguo milioni 5, kikaushio cha kuzungusha milioni 4, na milioni 4 nyingine za kuvuta umeme wa fezi tatu na kumwaga sakafu ya zege. Jumla ni milioni 24. Mashine hizi zikipewa umri wa miaka mitano, kila mwezi unatenga 400,000 za uchakavu. Ongeza kodi ya eneo 400,000, mishahara ya vijana wanne na mlinzi 1,500,000, vibali na mengineyo 100,000. Hizi 2,400,000 utazilipa hata usiposaga dumu moja.

Sasa tuje kwenye kilo. Madumu unayanunua 500 kwa kilo. Katika kilo 100, tuseme 8 ni vifuniko, mawe na plastiki isiyo yako. 9 ni matope, lebo na mabaki ya mafuta. 3 zinapotea kama vumbi la krasha. Unabaki na kilo 80, kwa hiyo kilo moja ya chenga imekula malighafi ya shilingi 625, si 500.

Mota zote zina kilowati 27, ila hazibebi mzigo kamili muda wote. Tukikadiria uniti 16 kwa saa, na saa hiyo itoe kilo 80 za chenga, kila kilo inakula uniti 0.2. Kwa shilingi 360 kwa uniti, umeme ni shilingi 72. Maji na sabuni weka 28, kunoa visu 25, magunia na usafiri 50. Gharama ya kilo inafika 800. Ukiiuza 1,100, inabaki 300 ya kulipia zile gharama za mwezi. Gawa 2,400,000 kwa 300: kilo 8,000 kwa mwezi, au 320 kwa siku ukifanya kazi siku 25. Hapo hupati wala hupotezi, na krasha imefanya kazi saa nne tu kwa siku.

Umeme ukipanda kwa asilimia 20, kiwango hicho kinasogea hadi kilo 336 kwa siku. Unaumia kidogo. Lakini madumu yakija machafu, kilo 100 zikatoa 70 badala ya 80, malighafi inafika 714 kwa kilo ya chenga, gharama nyingine zinakaribia 185, na kinachobaki ni kama 200. Sasa unahitaji kilo 12,000 kwa mwezi: 480 kwa siku, karibu saa saba za krasha, ili usipate hasara tu.

Ndiyo maana mizani ya mlangoni ina thamani. Kutoka kila mzigo chukua kilo 10, chambua, osha, kausha, pima tena. Zikibaki 7, bei ishuke au mzigo urudi. Masika ndiyo msimu wa hatari, kwa kuwa maji yaliyonasa ndani ya dumu unayanunua kwa bei ya plastiki.

Uchambuzi ni wa mikono kwanza. Tangi litakusaidia kuitoa chupa ya maji ya kunywa, ambayo chenga zake huzama, ilhali za dumu huelea. Za vifuniko vingi huelea pia, hivyo maji hayatazitenga. Na ukiona vumbi limeongezeka chini ya krasha na mota inapata moto kuliko kawaida, visu vimekuwa butu: unalipia umeme zaidi ili upate chenga kidogo.

Mwisho ni fedha ya mzunguko. Ukilenga kilo 500 za chenga kwa siku, utanunua kilo 625 za madumu, yaani shilingi 312,500 kila siku. Kiwanda kikikulipa baada ya siku 12 za kazi, tayari umezamisha 3,750,000 kwenye malighafi pekee, bado mishahara na umeme. Tenga milioni 6 juu ya zile 24. Kwa kiwango hicho faida ni 1,350,000 kwa mwezi. Ukijumlisha na akiba ya uchakavu, milioni 30 zinarudi baada ya miezi 17 hadi 18. Lakini mtaji wote ukiishia kwenye mashine, krasha itasimama kwa kukosa madumu huku mteja akiwa bado anadaiwa.