Staha na Dai: Lugha ya Barua kwa Mgavi Aliyechelewesha Mzigo

Utangulizi

Barua ya kumlalamikia mgavi aliyechelewesha mzigo hukabiliwa na mahitaji mawili yanayoonekana kupingana. Mwandishi anataka kulipwa hasara aliyoipata, na wakati huohuo anataka kuendelea kufanya biashara na mtu yuleyule. Waandishi wengi hutatua mgongano huo kwa kulainisha kila sentensi. Matokeo yake ni barua yenye heshima tele ambayo mpokeaji akimaliza kuisoma hajui anatakiwa kulipa kiasi gani, au hata kama anatakiwa kulipa. Wengine huandika kwa hasira, na barua yao hujibiwa kwa hasira.

Mhadhara huu unaonyesha kwamba mgongano huo si wa lazima. Sarufi ya Kiswahili ina mahali pa staha na mahali pa dai, na mahali hapo pawili si pamoja. Staha inamstahili mtu, na inayastahili mambo ambayo mtu huyo ana hiari nayo. Deni halimo katika hiari yake. Barua hupoteza nguvu pale ambapo alama za staha zinahamia kwenye sentensi ya deni.

Kuomba, kulalamika na kudai

Vitenzi vitatu hushindana katika barua za namna hii. Kulalamika ni kueleza uchungu. Anayelalamika anaweza kuridhika kwa kusikilizwa na kupewa pole. Kuomba ni kutaka kitu ambacho anayeombwa ana haki ya kukinyima, na asipokitoa hajakosa. Kudai ni kutaka kilicho chako. Ndiyo maana Kiswahili kina mdai na mdaiwa, na ndiyo maana watu husema dawa ya deni ni kulipa.

Kitenzi -dai, hata hivyo, kina ukakasi wake. Kikifuatwa na kwamba, humaanisha kusema jambo ambalo bado halijathibitishwa: "Mteja anadai kwamba mzigo ulichelewa." Mwandishi anayetumia dai kwa ajili ya matukio anajitilia shaka mwenyewe. Matukio yasimuliwe tu, kwa tarehe na idadi: "Mzigo ulifikishwa tarehe 18 Machi." Dai litunzwe kwa ajili ya fedha.

Jina la kinachodaiwa nalo lina uzito. Fidia, neno lenye asili ya Kiarabu, hutaja malipo yanayoziba hasara iliyokwisha kutokea. Msaada, punguzo na kufikiriwa hutaja hisani. Sentensi "Tungeomba mtufikirie kidogo kwa usumbufu uliojitokeza" ina staha isiyo na dosari, lakini imeligeuza deni kuwa sadaka. Kiambishi -nge- kimelifanya ombi kuwa la kudhania, kidogo kimefuta kiasi, na usumbufu umechukua nafasi ya hasara. Mgavi anayejibu "Poleni sana, tutawafikiria siku zijazo" atakuwa ameitimiza barua hiyo kikamilifu.

Nani alichelewa?

Kosa lenyewe huweza kutajwa kwa njia tatu. Katika "Mabati yalichelewa", kitenzi hakina mtendaji zaidi ya mabati yenyewe, kana kwamba yalisahau njia. Katika "Mlichelewesha mabati", kiambishi cha kusababisha kinamweka mpokeaji katika nafasi ya mkosaji mbele ya macho yake mwenyewe. Kati ya hizo mbili ipo kauli ya kutendwa: "Mabati yalifikishwa tarehe 18 Machi badala ya tarehe 4 Machi iliyokubaliwa." Hapa kuna mtendaji asiyetajwa, na msomaji anajua ni nani, kwa kuwa ndiye aliyekubali tarehe hiyo.

Penelope Brown na Stephen Levinson, katika nadharia yao ya staha, waliona kwamba kumkosoa mtu ni kutishia uso wake, yaani heshima anayotaka kuonwa nayo. Kauli ya kutendwa hupunguza tishio hilo bila kuondoa ukweli. Hufaa kwa maelezo ya kosa. Haifai kwa dai: "Fidia inaombwa ilipwe" haina mdai wala mdaiwa. Katika sentensi ya dai, nafsi zote mbili lazima zionekane, tu- ya mdai na m- ya mdaiwa.

Ukimya unaogharimu

Staha ina hatari nyingine, isiyo ya kisarufi bali ya kisheria. Mzigo uliochelewa unapofika, uungwana humsukuma mpokeaji ashukuru, atie saini na aahirishe mazungumzo magumu. Nchini Tanzania, kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinaufanya ukimya huo kuwa na gharama. Pale ambapo muda ni sharti la msingi la mkataba, anayepokea utekelezaji uliochelewa hawezi kudai fidia ya ucheleweshaji isipokuwa awe ametoa taarifa ya nia hiyo wakati wa kupokea. Barua nzuri inayoandikwa wiki mbili baadaye inaweza kuwa imechelewa kuliko mzigo wenyewe.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya dai haiandikwi katika barua. Inaandikwa kwenye hati ya kupokelea mzigo, mbele ya dereva, kabla ya saini: "Mzigo umepokelewa siku 14 baada ya tarehe iliyokubaliwa, haki ya kudai fidia imehifadhiwa." Nakala ibaki kwa mpokeaji. Maneno hayo hayamtukani yeyote, na dereva hana haja ya kubishana nayo.

Kifungu cha 73 cha sheria hiyohiyo kinaweka mipaka ya kinachoweza kudaiwa: hasara iliyotokana na uvunjaji wa mkataba kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali haimo. Huzingatiwa pia njia alizokuwa nazo mdai za kupunguza hasara hiyo.

Mfano

Mfano ufuatao ni wa kubuni. Mkandarasi mdogo aliagiza mabati 240 kwa shilingi 28,000 kila moja, jumla shilingi 6,720,000, akalipa nusu kwanza. Mabati yalipochelewa, aliwalipa mafundi 5 waliokaa bila kazi kwa siku 3, shilingi 25,000 kila mmoja kwa siku, kisha akawaruhusu waende kazi nyingine. Alikodi maturubai 2 ya kufunika kenchi zisilowe, shilingi 10,000 kila moja kwa siku, kwa siku 14. Tarehe 20 Machi aliandika:

Ndugu,

YAH: DAI LA FIDIA KWA KUCHELEWESHWA KWA MABATI 240

Tafadhali rejea hati yetu ya kuagiza ya tarehe 12 Februari, na uthibitisho wenu wa tarehe 14 Februari uliotaja tarehe 4 Machi kuwa siku ya mwisho ya kufikisha mabati eneo la ujenzi.

Mabati yalifikishwa tarehe 18 Machi, siku 14 baada ya tarehe iliyokubaliwa. Yalikuwa kamili kwa idadi na ubora, na tunawashukuru kwa hilo. Kama tulivyoandika siku hiyo katika hati ya kupokelea mzigo, tuliyapokea bila kuacha haki yetu ya kudai fidia.

Ucheleweshaji huo ulitugharimu shilingi 655,000, yaani ujira wa mafundi waliokaa bila kazi, shilingi 375,000, na kukodi maturubai, shilingi 280,000. Stakabadhi zimeambatishwa.

Kwa hiyo tunadai mtulipe fidia ya shilingi 655,000. Tunapendekeza kiasi hicho kikatwe katika salio la shilingi 3,360,000, ili tuwalipe shilingi 2,705,000. Tafadhali tujulisheni kwa maandishi, kabla ya tarehe 5 Aprili, kama mnakubali utaratibu huo au mngependelea mwingine.

Tusipopata jibu kufikia tarehe hiyo, tutalipeleka dai hili kwenye usuluhishi kama mkataba wetu unavyoelekeza. Tunathamini biashara yetu nanyi, na tuko tayari kukutana wakati wowote utakaowafaa.

Wenu,

Uchambuzi

Staha katika barua hii ni nyingi, ila imepangwa. Tafadhali imetokea mara mbili: katika kurejea hati na katika kuomba jibu. Kiambishi -nge- kimetokea mara moja, katika mngependelea, kwa sababu utaratibu wa kulipa ndiyo sehemu ambayo mgavi ana hiari nayo. Kuhusu kulipa kwenyewe, kitenzi ni tunadai, kikifuatwa na mtulipe na kiasi. Hakuna neno lililowekwa kati ya mdai na fedha yake.

Shukrani nayo ni ya kweli na ina mpaka. Anayeshukuriwa ameshukuriwa kwa idadi na ubora, si kwa huduma yote. "Tunawashukuru kwa huduma yenu nzuri" ingekuwa ushahidi mkononi mwa mgavi. Sentensi inayofuata mara moja inarejelea hati ya kupokelea mzigo, hivyo shukrani haiwezi kusomwa kama msamaha.

Onyo la mwisho limetumia -ta-, njeo ya jambo litakalotokea, na limeambatana na hatua iliyomo katika mkataba. "Mtatujua sisi ni nani" nayo ina -ta-, lakini haina hatua yoyote ndani yake. Hutishia mtu badala ya kutaja utaratibu, na humpa mgavi sababu ya kujibu lugha badala ya kujibu hesabu.

Yaliyoachwa yana maana pia. Mkandarasi hakudai ujira wa mafundi kwa siku zote 14, ingawa mabati hayakuwapo siku zote hizo. Aliwaruhusu baada ya siku 3, na dai lake limesimama hapo. Hakudai pia "usumbufu" wala kazi nyingine ambayo huenda angeipata. Dai linalojumuisha kila kitu hualika mjadala juu ya kila kitu, na hata shilingi zenye stakabadhi huingia katika mjadala huo.

Hitimisho

Kipimo cha barua ya namna hii hakimo katika barua yenyewe, bali katika jibu lake. Jibu likija na pole, ahadi ya kujirekebisha na nia ya "kuwasaidia siku zijazo", bila tarakimu, barua ilisomwa kama lalamiko au ombi, na sababu hutafutwa kwanza katika sentensi ya dai. Jibu likibishana juu ya siku 3 au siku 14, juu ya 375,000 au 280,000, barua imefanya kazi yake hata kama fedha bado hazijalipwa. Meneja mauzo huisoma barua kwa jicho la uhusiano, kisha huipeleka kwa mhasibu. Mhasibu hatafuti staha. Anatafuta kiasi, sababu na tarehe, na anapaswa kuvikuta bila kumwuliza mtu.