Kinachoizuia Mota Isizidi Kasi

Chukua mota ndogo ya volti 12 yenye brashi na sumaku za kudumu. Ukiipima kwa osiloskopu wakati wa kuiwasha, utaona mkondo ukipanda mara moja hadi karibu ampia 12, halafu unashuka chini ya nusu ampia. Volti ni ileile tangu mwanzo. Basi ni nini kilichoupunguza mkondo?

Jibu limo katika mlinganyo wa koili za rota:

V = Ri + L di/dt + Kω

Volti ya betri hugawanyika sehemu tatu. Moja humezwa na ukinzani wa waya, R, nyingine hushughulika na mabadiliko ya mkondo, na ya tatu ni Kω. Koili inapozunguka kati ya sumaku huzalisha umeme wake yenyewe, kama dainamo ya baiskeli, na umeme huo huisukuma betri kinyume. Kadiri kasi ω inavyoongezeka, ndivyo betri inavyobakiwa na nguvu kidogo ya kupitisha mkondo.

Mlinganyo wa pili ni wa shafti:

J dω/dt = Ki − bω

Mkondo huleta nguvu ya kuzungusha, Ki. Uzito unaozunguka, J, huichelewesha kasi kupanda, na msuguano, b, huila nguvu hiyo kidogo kidogo.

Hapa mbinu ya Laplace inasaidia sana: badala ya kila alama ya mabadiliko kwa muda tunaandika herufi s, kisha tunaendelea kwa aljebra ya kawaida. Tukiondoa i, tunabaki na fomula moja kutoka volti hadi kasi:

Ω/V = K / [(Ls + R)(Js + b) + K²]

Tuweke namba, kwa vipimo vya kimataifa: R = 1, L = 0.0005, K = 0.05, J = 0.0001, b = 0.0001. Koili huitikia kwa L/R, yaani sekunde 0.0005. Hiyo ni haraka mno ikilinganishwa na shafti, kwa hiyo L tunaweza kuiacha:

Ω/V ≈ K / (JRs + Rb + K²)

Kwa volti 12, kasi hutulia kwenye radiani 231 kwa sekunde, karibu mizunguko 2,200 kwa dakika, na hufikia asilimia 63 ya hapo ndani ya sekunde 0.04.

Sasa tazama Rb + K². Rb ni 0.0001, lakini K² ni 0.0025, mara 25 zaidi. Kinachoizuia mota hii isizidi kasi ni umeme wake yenyewe. Msuguano unachangia kidogo tu.

Fomula hii haijui msuguano mkavu wa brashi, kwa hiyo kwa volti ndogo sana itakuahidi mzunguko ambao hutauona. Pia shafti ikikwama, Kω inakuwa sifuri, ampia 12 zinaendelea kupita, na wati 144 zote zinageuka joto. Ukisikia mota inanguruma bila kuzunguka, zima umeme kwanza, ndipo utafute kilichoikwamisha.