Jua la Saa Saba na Video ya Harusi

Anayerekodi harusi ufukweni Kigamboni saa saba mchana ana tatizo ambalo mwenzake wa ukumbini hana: mwanga umezidi. Anataka bi harusi aonekane wazi huku minazi iliyo nyuma yake ikififia, na ili aipate picha hiyo lazima afungue tundu la lenzi, tuseme hadi f/2.8. Akilifungua tu, kioo cha kamera kinakuwa cheupe na gauni linapotea kabisa.

Wengi hukimbilia kuongeza kasi ya shata. Kwa ISO 100, chini ya jua lisilo na wingu, f/2.8 inataka shata ya karibu 1/3200. Mwanga unakaa sawa, na kwa picha za mnato hakuna ubaya wowote. Kwenye video ndipo mambo yanapoharibika. Kila fremu inakuwa imeganda, haina ule ukungu mdogo wa mwendo unaoiunganisha na fremu inayofuata. Tazama mikono ya mpiga ngoma, au shela inayopeperushwa na upepo: vinarukaruka badala ya kwenda. Kanuni waliyoizoea watu wa video ni kwamba shata iwe mara mbili ya idadi ya fremu kwa sekunde. Ukirekodi kwa fremu 25, shata ni 1/50.

Basi tuibakize shata kwenye 1/50 na tulifunge tundu? Hesabu itakufikisha f/22, na lenzi nyingine haziendi mbali zaidi ya hapo. Sasa minazi, viti vya plastiki na mpishi anayepita na sufuria vyote vinaonekana kama bi harusi mwenyewe. Zaidi ya hayo, mwanga ukipenya kwenye tundu dogo namna hiyo hutawanyika, picha ikapoteza ukali, na vumbi lililokaa kwenye sensa hujitokeza angani kama madoadoa.

Kinachobaki ni kuupunguza mwanga kabla haujaingia kwenye lenzi, na hiyo ndiyo kazi ya filta ya ND. Ni kioo cha kijivu kinachofungwa mbele ya lenzi kama miwani ya jua, ila chenyewe hakitakiwi kubadilisha rangi. Namba yake inakueleza mwanga umegawanywa mara ngapi: ND8 inapitisha sehemu moja kati ya nane.

Turudi ufukweni. Kutoka f/22 hadi f/2.8 kuna hatua sita, yaani f/16, f/11, f/8, f/5.6, f/4, kisha f/2.8, na kila hatua huongeza mwanga maradufu. Mbili ukizidisha mara sita kwa yenyewe unapata 64, kwa hiyo filta inayotakiwa ni ND64. Mchanga mweupe unarudisha mwanga mwingi, na huenda ukahitaji hatua moja zaidi, ND128. Wanaorekodi kwa mpangilio wa log wajihadhari: kamera nyingi hapo zinakulazimisha kuanzia ISO ya juu. Ikiwa ni 800, umeongeza hatua tatu, na ND64 haitoshi tena. Unatafuta ND500 hivi.

Zipo filta za kuzungusha, ambazo unaongeza na kupunguza giza kwa kidole. Kwa harusi zinafaa sana, maana wingu likipita huna muda wa kufungua na kufunga vioo. Lakini ndani yake mna vioo viwili vya kuchuja mng'ao, na ukizizungusha hadi mwisho, hasa kwenye lenzi pana, msalaba mweusi hutokea katikati ya picha. Ukianza kuona pembe mbili za anga zimekuwa nyeusi kuliko nyingine, rudisha nyuma.

Filta nzito za bei rahisi zina ugonjwa mwingine: zinazuia mwanga tunaouona lakini zinaachia miale ya infraredi. Dalili yake iko kwenye suti ya bwana harusi. Ilikuwa nyeusi, kwenye video imekuwa ya kahawia iliyoiva, na kurekebisha rangi hiyo baadaye ni kazi ya kuchosha. Ijaribu filta kabla ya siku yenyewe kwa kurekodi kitambaa cheusi juani, na upime weupe kwa karatasi ukiwa umeshaifunga filta, si kabla.

Ukienda dukani, soma kwanza kipenyo kilichoandikwa mbele ya lenzi yako kubwa kuliko zote, kwa mfano milimita 77, ununue filta ya kipimo hicho na pete za kuifungia kwenye lenzi ndogo. Na kama fedha inatosha filta moja tu, kwa jua letu chukua ND64 ya kudumu iliyo nzuri, uiache ile ya kuzungusha ya bei poa.