Barua ya Shukrani Katika Darasa la Tatu

Mtoto wa darasa la tatu akiambiwa aandike barua ya shukrani, mara nyingi hukwama mara tu baada ya salamu. Si kwamba hana la kusema. Mdomoni analo, ila hajui sentensi aianzie wapi na aimalizie wapi. Kwa ajili hiyo mwalimu humpa vitu viwili. Cha kwanza ni kielelezo, yaani barua nzima iliyokwisha andikwa, aione ilivyo. Cha pili ni kiunzi, yaani sentensi moja iliyoachwa mapengo ili ayajaze mwenyewe. Twapenda kuwaeleza wazazi jinsi somo hilo linavyokwenda na mahali linapoharibika, kwani barua kama hizo huandikwa nyumbani pia.

Mwalimu huanza kwa kusoma kielelezo kwa sauti. Tuseme ni barua ya mtoto kwa mjomba wake, na kiini chake ni hiki: “Nakushukuru kwa kalamu uliyonipa, kwa sababu sasa naandika kazi zangu bila ya kuazima.” Kisha huwauliza watoto mambo matatu: ni nani anayeshukuriwa? Ametoa kitu gani? Na kitu hicho kimemfaa nini aliyepewa? Baada ya hapo kila mtoto humwambia jirani yake, kwa mdomo, ni nani atakayemwandikia yeye na kwa jambo gani. Wakisha kusema, kielelezo hufunikwa, na ubaoni husalia kiunzi peke yake:

Nakushukuru kwa ______ uli___ni______, kwa sababu ______.

Kielelezo kisipofunikwa, watoto hukinakili. Tuchukue mfano wa mtoto aliyenunuliwa viatu na ami yake. Ikiwa kielelezo kiko mbele ya macho yake, huenda akaandika: “Nakushukuru kwa viatu uliyonipa, kwa sababu sasa naandika kazi zangu.” Hapa mna makosa mawili, na yote mawili yametoka kwenye kielelezo, si kwenye uvivu wa mtoto.

La kwanza ni la lugha. Kalamu ni “uliyonipa”, lakini kitabu ni “ulichonipa”, na viatu ni “ulivyonipa”. Mwalimu akiandika “uliyonipa” ubaoni bila ya kuacha pengo, basi kiunzi chenyewe ndicho kinachomfundisha mtoto kukosea. Ndiyo maana pengo huachwa katikati ya neno, na mtoto akaulizwa alitaje kwa sauti kabla ya kuliandika. Sikio lake hulijua sawasawa kuliko kalamu yake. Mtoto ambaye bado hayawezi haya hupewa kiunzi chepesi: “Nakushukuru kwa kuni______ ______.” Hapo ataandika “kuninunulia viatu” au “kunipa kitabu”, na upatanisho wa neno hautamsumbua.

La pili ni la maana, nalo ni kubwa zaidi. Sababu si yake. Hapa mwalimu hasahihishi kwa wino, bali huuliza: “Ulipovivaa viatu hivyo, kulitokea nini?” Mtoto hujibu kwamba siku ya Jumatatu kulinyesha mvua, wala miguu yake haikurowa. Basi huambiwa aliandike hilo hilo. Barua yake husomeka hivi:

“Ami yangu mpenzi,
Assalaam alaykum. Nakushukuru kwa viatu ulivyoninunulia, kwa sababu Jumatatu mvua ilinyesha na mimi nikafika shule na miguu mikavu. Nisalimie wote nyumbani.
Mimi mwanao.”

Ami akiisoma atajua kwamba viatu vimevaliwa, na wapi, na siku gani. Sentensi ya “nimefurahi sana” haingemwambia hata moja katika hayo.

Kuna njia nyepesi ya kuzipima barua za darasa zima. Funika jina la anayeandikiwa na jina la kitu, kisha soma yaliyobaki. Ikiwa barua ingeweza kupelekwa kwa mtu yeyote, kwa zawadi yoyote, basi pengo la mwisho limejazwa maneno matupu, nayo yafaa irudishwe kwa swali, si kwa alama ya kosa.

Kiunzi nacho kina mwisho wake. Mtoto anayeweza kuandika sentensi zake mwenyewe asilazimishwe kukifuata, maana kitamfupishia maneno. Na kwa wengine, barua ya pili hupewa mwanzo tu, “Nakushukuru kwa”, na ya tatu haipewi kitu ila yale maswali matatu. Mzazi anayemsaidia mwanawe nyumbani naye afanye hivyo hivyo: asimwambie maneno ya kuandika, bali amuulize kile kitu kimemfaa nini, kisha anyamaze mpaka ajibiwe.