Mistari ya Kwanza ya Daftari la Lindo

"Usiku wezi walivunja mlango wa stoo wakaiba waya. Nilifika nikawafukuza wakakimbia."

Maelezo ya namna hii yamejaa kwenye madaftari ya matukio ya walinzi. Hayana uongo wowote, lakini hayamsaidii anayeyasoma kesho yake. Tuchukue mfano kwamba yameandikwa na mlinzi wa ghala la vifaa vya ujenzi, nasi tuyapitishe kwenye maswali matano: nani, nini, lini, wapi na vipi.

Tuanze na lini, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. "Usiku" una saa kumi na mbili. Mlinzi akiandika "saa 8:40", yeye anajua ni saa nane na dakika arobaini za usiku, lakini kamera ya getini inasoma 02:40, na mkaguzi anaweza kwenda kutafuta picha za 20:40. Tarehe nayo ina mtego wake. Aliyeingia zamu Jumatano tarehe 13 jioni huandika 13 hadi kunakucha, wakati tukio la usiku wa kuamkia Alhamisi, likishapita saa sita, ni la tarehe 14. Ndiyo maana makampuni mengi ya ulinzi yanataka saa 24 daftarini. Hata hivyo si vibaya kuongeza "usiku wa kuamkia Alhamisi" pembeni, ili asibaki mtu wa kubahatisha.

Wapi ni rahisi zaidi, ila kulia na kushoto hubadilika kulingana na mtu alivyosimama. "Ukuta wa mashariki, nyuma ya tangi la maji" haubadiliki.

Kwenye nani, neno "wezi" ni hukumu. Mlinzi aliona wanaume wawili wakipanda ukuta. Hakumwona yeyote akiiba. Aandike idadi, jinsia, urefu kwa kujilinganisha na yeye mwenyewe, mavazi, na umbali aliokuwa nao chini ya mwanga gani. Lugha yetu humruhusu mtu aseme "alikimbia" bila kugusa kama ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo jambo hilo lazima litajwe. "Kijana wa kihuni" halimtambulishi mtu. Halafu nani si washukiwa peke yao: aliyepigiwa simu ni nani, na nani alifika kwanza?

Nini na vipi hukutana pale mlangoni. "Walivunja mlango" ni hitimisho la mtu aliyekuta mlango wazi. Je, kufuli lilikuwa limekatwa, au limefunguliwa kwa ufunguo likatundikwa pale pale? Upinde uliokatwa unaelekeza kwenye mkasi wa chuma na watu wa nje. Kufuli zima lisilo na mkwaruzo linawafanya wapelelezi waulize funguo zilikuwa kwa nani. Sentensi moja ya haraka huyafunika yote mawili.

Baada ya kupita humo, maelezo ya mlinzi yanasomeka hivi:

"Tarehe 14, saa 02:40, usiku wa kuamkia Alhamisi. Nikiwa geti la nyuma nilisikia mlio wa chuma upande wa stoo ya umeme. Nilifika 02:43. Mlango ulikuwa wazi, kufuli liko chini, upinde umekatwa. Niliona wanaume wawili wakipanda ukuta wa mashariki, nyuma ya tangi la maji, kama hatua ishirini kutoka nilipokuwa, taa ya ukutani ikiwaka. Mmoja ni mrefu kuliko mimi, koti jeusi. Wa pili sikumwona vizuri. Sikuona walichobeba. Sikuingia stoo. 02:46 nilimpigia msimamizi wa zamu."

Zile sentensi zenye "siku-" ndizo wanaoanza kazi huogopa kuziandika, wakidhani zinawaonyesha wazembe. Kumbe "sikuingia stoo" humwambia mpelelezi kwamba alama za viatu zilizomo ndani si za mlinzi.

Kwa nini haimo, na imeachwa makusudi. Saa tisa usiku mlinzi anaweza kuamini kwamba kibarua aliyefukuzwa juzi ndiye aliyewatuma. Akiandika hivyo, kila atakayesoma ataanza na kibarua. Kama dereva wa jirani amemwambia neno, na aandike "dereva aliniambia kwamba", akitaja jina lake na saa waliyoongea.

Asubuhi mtunza stoo anahesabu mali na kukuta rola tatu za waya hazipo. Maelezo ya usiku hayaguswi. Mlinzi anafungua mstari mpya, 07:30, anaandika idadi aliyopewa na jina la aliyehesabu, kisha anatia sahihi. Palipokosewa hupigwa mstari mmoja ili maneno ya awali yasomeke, na pembeni huwekwa herufi za jina la aliyesahihisha. Msimamizi akienda polisi kufungua RB, au OB kama ni Kenya, maswali atakayokutana nayo kaunta ni yale yale matano, na majibu anayo mkononi.