Benki Ikikuuliza Pesa Zimetoka Wapi

Mnamo Septemba 2018, Benki Kuu ya Kenya ilizipiga faini benki 5 kubwa, jumla ya shilingi milioni 392.5. Zaidi ya shilingi bilioni 3.5 zilizohusishwa na sakata ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, zilikuwa zimepitia kwenye benki hizo. Si kwamba zilidaiwa kuiba. Kosa lao lilikuwa kupokea na kutoa mabunda ya noti bila kuitisha stakabadhi za kutosha, wala kuripoti miamala iliyostahili kuripotiwa.

Ukitaka kujua kwa nini keshia wa leo hakupokei milioni zako kimyakimya, anzia hapo. Asipouliza, benki yake ndiyo italipa.

Pesa za wizi, za hongo au za dawa za kulevya hazina raha zikiwa noti chini ya kitanda. Mwenyewe hawezi kununulia jumba bila watu kushangaa. Lakini zikishaingia benki, zikahamishwa akaunti moja hadi nyingine na kutoka kwa jina la kampuni, zinafanana na faida ya biashara yoyote. Huo ndio utakatishaji wa fedha, na pahala rahisi zaidi pa kuunasa ni mlangoni, noti zinapoingia au kutoka.

Ndiyo maana Benki Kuu imezitaka benki zimhoji mteja anayeweka au kutoa taslimu ya shilingi milioni moja na zaidi: pesa zimetoka wapi, zinaenda wapi, ni za kazi gani, nani atafaidika? Kando na hilo, sheria ya mwaka 2009 ya kukabili utakatishaji inailazimu benki kuripoti miamala mikubwa ya taslimu kwa kituo cha serikali cha taarifa za fedha, FRC. Kiwango hicho kilikuwa dola 10,000 au thamani yake kwa shilingi, kikapandishwa hadi dola 15,000 mwaka 2023. Muamala wa kutiliwa shaka nao huripotiwa hata ukiwa mdogo.

Tuseme mkulima wa Kajiado ameuza shamba kwa shilingi milioni 3.6 na kulipwa taslimu. Kwa kawaida akaunti yake hupokea kama elfu 40 kwa mwezi. Akienda na mkataba wa mauzo uliotiwa saini mbele ya wakili, nakala ya hati ya shamba na kitambulisho cha mnunuzi, atajaza fomu na pesa zitapokelewa. Ripoti itapelekwa FRC, lakini ripoti ya kiasi si shtaka.

Sasa tuseme rafiki amemshauri akwepe maswali kwa kuweka 900,000 kwa siku nne mfululizo. Kila mara yuko chini ya milioni moja, na anadhani amewaweza. Kumbe mitambo ya benki haitazami siku moja pekee. Inalinganisha kinachoingia na mazoea ya akaunti, na kiasi kinachojirudia chini kidogo ya kiwango ni miongoni mwa dalili za kwanza ambazo maafisa wa benki hufundishwa kuzitambua. Pesa halali sasa zimevaa sura ya haramu.

Hapo mteja hugundua kwamba kadi haifanyi kazi, na akipiga simu huambiwa tu kwamba akaunti inakaguliwa. Majibu hayo ya mkato huudhi, lakini sheria inamkataza mfanyakazi wa benki kumdokezea mteja kwamba ameripotiwa. Akifanya hivyo, yeye ndiye atakayeshtakiwa.

Shaka ikizidi, shirika la serikali la kutwaa mali haramu, ARA, linaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuzuia pesa hizo, na ombi hilo husikizwa bila mwenye akaunti kuwepo. Amri hudumu siku 90 tangu itangazwe kwenye gazeti rasmi la serikali, na huendelea ikiwa ARA imeomba pesa zitwaliwe kabisa. Mwenye akaunti ana haki ya kufika mahakamani kuipinga. Hata hivyo, hii ni kesi ya madai: pesa zinaweza kutwaliwa bila mtu yeyote kupatikana na hatia ya jinai. Kinachomwokoa mwenyewe ni maelezo yenye ushahidi.

Utaratibu huu una dosari. Katika nchi ambamo ng'ombe, mashamba na magari bado huuzwa kwa noti, wengi hawana karatasi ya kuonyesha, na akaunti ikizuiwa mtu hukosa hata karo ya watoto huku akisubiri.

Kwa hivyo, kabla ya pesa nyingi kuingia, mwarifu meneja wa tawi lako na umpelekee mkataba. Mwombe mnunuzi alipe kwa benki badala ya taslimu. Akaunti ikizuiwa, uliza kwa maandishi ni stakabadhi gani zinahitajika, na kukiwa na amri ya mahakama, tafuta wakili mapema. Na anayekushauri uzigawe pesa zako vipande vipande, usimsikize.